Kufunga mchana kutwa, mapigo ya moyo na mbio za jioni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mimi ni kochi wa kikundi kidogo cha wakimbiaji, wengi wao wa South C na Eastleigh hapa Nairobi, na kila Ramadhani maswali ni yale yale, yanaanza kuingia siku ya pili ya mfungo na yanaisha Idd. Nimeamua kuyajibu mara moja hapa. Wale mnaofunga kavu kanisani pia someni tu, mwili haujui umefunga kwa ajili gani.

Mbona mbio zile zile, spidi ile ile, zinanitoa roho nikiwa nimefunga?

Kwa sababu damu yako imepungua maji kidogo, si nyingi lakini inatosha. Moyo ni pampu, kazi yake inapimwa kwa vitu viwili, umepiga mara ngapi kwa dakika na kila pigo limesukuma damu kiasi gani. Tuseme ukikimbia spidi yako ya kawaida moyo unapiga mara 138 na kila pigo linatoa mililita 110, hiyo ni kama lita 15 na kidogo kwa dakika. Sasa umekaa tangu alfajiri bila tone, sehemu ya maji ya damu imeshuka, damu inayorudi kwenye moyo ni kidogo kwa hivyo kila pigo linabeba mililita 102 badala ya 110. Misuli haijali hayo, inataka lita zake 15 zile zile, kwa hivyo moyo unalazimika kupiga kama mara 149. Spidi haijabadilika, wewe hujabadilika, lakini bei imepanda kama nauli ya matatu siku ya mvua.

Na haiishii hapo. Kadiri unavyoendelea unatoa jasho, na damu nyingine inapelekwa kwenye ngozi kupoza mwili, basi mapigo yanazidi kupanda polepole hata kama miguu iko kwa mwendo ule ule. Kila mkimbiaji ana huko kupanda, hata aliyekunywa maji vizuri, ila kwa aliyefunga kunaanza mapema na kunapanda zaidi. Hesabu tunayotumia ni kwamba kila asilimia 1 ya uzito wako inayopotea kama maji inaongeza mapigo 3 hadi 5 hivi wakati wa mazoezi, na kukiwa na jua kali inaongeza zaidi.

Basi hata nikiwa nimekaa tu mapigo yatakuwa juu?

Hapa ndipo watu wengi wanashangaa, la. Kwa wengi mapigo ya kupumzika mchana wa saumu yanabaki pale pale au yanashuka kidogo. Ukiwa umelala kitandani mwili hauhitaji damu nyingi, tumbo halina chakula cha kusaga, chai na kahawa hakuna, na zile homoni za kuchangamsha mwili zinatulia kidogo mtu akikaa na njaa masaa mengi. Haya yote yanavuta mapigo chini, na upungufu mdogo wa maji unayavuta juu, mwisho zinalingana au upande wa chini unashinda.

Ndiyo maana nawaambia watu wangu msidanganyike na namba ya kupumzika. Mtu ananiambia kochi nimepima saa kumi jioni niko 56, niko fiti kuliko kawaida, leo napiga kilomita 10 kwa spidi. Hapana bwana. Hiyo 56 inakuambia umetulia na tumbo liko tupu, haikuambii damu yako ina maji kiasi gani. Utalijua hilo ukianza kukimbia.

Lakini saa yangu ya mkononi inasema mapigo ya kupumzika yamepanda tangu Ramadhani ianze?

Angalia inapima lini. Saa nyingi hizi zinachukua mapigo ya usingizini au zinayapa uzito mkubwa, na usiku wa Ramadhani ndio mwili unafanya kazi. Umefuturu saa moja kasoro, umekula tena baada ya taraweh, viazi karai, sambusa, pilau la jirani, ukalala saa sita usiku tumbo limejaa. Kusaga chakula kunahitaji damu na kunatoa joto, kwa hivyo mapigo yanabaki juu masaa kadhaa, halafu saa kumi usiku umeamka kula daku. Usingizi umekatwa vipande viwili na ile sehemu ya mapigo ya chini kabisa, ambayo kwa kawaida huja karibu na alfajiri, saa haikuipata.

Kwa hivyo usishtuke na pia usilinganishe namba ya Ramadhani na ya Rajabu. Ukitaka namba ya maana pima mwenyewe saa ile ile kila siku, kwa mfano saa kumi jioni kabla hujavaa raba. Lala chali dakika 5, usishike simu, halafu weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu sekunde 30, zidisha kwa mbili.

Mchana mmoja wa Nairobi unatoa maji kiasi gani?

Sisi tuko karibu kabisa na ikweta kwa hivyo mfungo wetu hauna msimu, kutoka alfajiri mpaka magharibi ni masaa 13 na kidogo mwaka mzima, hatuna yale mambo ya jamaa wa Ulaya wanaofunga masaa 18 wakati wa kiangazi. Kinachobadilika ni hali ya hewa. Ramadhani ya 2025 ilianza mwanzo wa Machi, ya 2026 ikaangukia Februari, na Februari hapa ni jua na hewa kavu kabla ya mvua za masika. Halafu tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi na kavu, kila ukipumua unatoa mvuke. Mtu wa Mombasa akija huku anaona hatoki jasho anadhani hapotezi maji, kumbe linakauka kabla hajalisikia.

Mtu mzima anayekaa ofisini, bila mazoezi, anapoteza kama asilimia 1 ya uzito wake mpaka magharibi. Anayetembea kutoka stesheni mpaka Industrial Area, au wa boda aliye juani, anapoteza zaidi. Figo zinasaidia sana, kufikia mchana zinabana mkojo unakuwa kidogo na mzito, lakini pumzi na ngozi hazina breki. Uzuri ni kwamba watu wengi wazima wanarudisha yote usiku, kwa hivyo si kweli kwamba unakauka mwezi mzima, unakauka kila siku kidogo na kujaza kila usiku, na shida inaanza usiku mmoja ukiacha kujaza.

Asilimia 1 ni kitu gani sasa? Si ndogo?

Ndogo, na ukiwa umekaa hata huisikii zaidi ya kiu. Mstari wa kuchunga ni asilimia 2, hapo ndipo mbio ndefu zinaanza kuharibika kwa watu wengi hasa kukiwa na joto. Sasa fikiria, mtu asiyefunga anaanza kukimbia akiwa sifuri na ana nafasi ya asilimia 2 nzima ya kutoa jasho, wewe unaanza saa kumi na moja jioni ukiwa tayari umetumia nusu ya hiyo nafasi. Ukielewa hapo umeelewa karibu kila kitu kwenye huu ukurasa.

Nitajuaje niko wapi bila mashine?

Mzani wa bafuni. Jipime baada ya daku ukishatoka choo, jipime tena kabla ya kukimbia, nguo zile zile au bila nguo. Si kila gramu iliyopotea ni maji, kuna choo na kuna akiba ya chakula iliyotumika, lakini sehemu kubwa ni maji na kwa kazi yetu inatosha.

Mkojo wa jioni usikutishe, utakuwa wa rangi ya chai ya rangi na hiyo ni figo kufanya kazi yake. Unaotakiwa kuangaliwa ni wa usiku kabla ya daku. Kama saa kumi usiku bado ni wa njano nzito, basi hukujaza na leo unaanza na deni.

Kuna kingine nakipenda sana kwa sababu hakidanganyi kama ile namba ya kulala. Lala dakika 5, hesabu mapigo, simama, ngoja dakika moja, hesabu tena. Kupanda mapigo 10 mpaka 20 ni kawaida. Ukipanda 30 au zaidi, au ukisimama dunia inazunguka, damu haitoshi kupanda juu na siku hiyo hakuna kukimbia, fungua mkeka ukae.

Tupe mfano wa mtu halisi basi, hizi asilimia zinachosha

Sawa. Jamaa yetu mmoja wa South C, miaka 36, anakimbia miaka mitatu sasa, kawaida yake ni dakika 6 kwa kilomita na mapigo 138, mapigo ya kupumzika 58. Siku ya nne ya mfungo alijipima baada ya daku akapata kilo 74.0, saa kumi na moja jioni kilo 73.1. Hiyo ni gramu 900, asilimia 1.2. Akalala akahesabu, 55, akafurahi.

Akatoka kwa spidi yake ya kila siku, dakika 40. Dakika ya tano saa inasoma 142, dakika ya ishirini 150, dakika ya arobaini 158 na ameanza kuburuta miguu. Kujipima tena, 72.5. Jumla amepoteza kilo 1.5, asilimia 2 kamili, na bado kuna zaidi ya nusu saa kabla ya adhana. Usiku huo kichwa kilimuuma, hakwenda taraweh, akala kidogo akalala, na daku ikampita. Siku ya tano hakufunga vizuri wala hakukimbia.

Tukabadilisha kitu kimoja tu. Badala ya kufuata spidi, afuate mapigo, na awe na dari ambayo havuki. Dari tulilipata hivi, mapigo ya juu kabisa kwa makadirio ni 208 ukitoa asilimia 70 ya umri, kwa miaka 36 inakuja 183. Toa 58 za kupumzika inabaki 125. Asilimia 65 ya hiyo ni 81, rudisha 58, unapata 139. Tukasema 140 iwe dari, na hapa tumia mapigo ya kupumzika ya kabla ya Ramadhani si yale ya jioni ya saumu.

Siku ya saba akaanza saa kumi na mbili kasoro robo, dakika 30 tu, chini ya 140. Dakika kumi za kwanza alienda 6:20 kwa kilomita, mwishoni ilibidi ashuke mpaka 6:55 na mlima mmoja aliutembea, aliona aibu kidogo kupitwa na mama mwenye kiti cha mtoto. Alipoteza gramu 400 badala ya 600, akaingia nyumbani adhana ikikaribia, na usiku akawa mzima. Mpaka mwezi unaisha alikuwa anakimbia hivyo mara tatu kwa wiki bila kichwa kuuma.

Hiyo kilo 1.5 anairudishaje?

Kwa kila kilo iliyopotea kunywa lita 1.5, kwa sababu sehemu ya unachokunywa itapita moja kwa moja kuwa mkojo. Kwa huyo jamaa ni lita 2 na robo, gawanya kutoka magharibi mpaka daku. Bilauri mbili na tende wakati wa kufuturu, moja na chakula, mbili kati ya taraweh na kulala, mbili saa ya daku, na supu au uji na tikiti maji vinamalizia. Chumvi kwenye supu si adui hapa, sodiamu ndiyo inayoshika maji yabaki mwilini. Mwenye presha afuate alichoambiwa na daktari wake kuhusu chumvi.

Si ninywe tu lita mbili dakika za mwisho za daku nimalize?

Watu wa chupa kubwa nawaona. Ukimwaga maji mengi kwa pamoja damu inakuwa nyepesi ghafla, ubongo unaacha kutoa ile homoni inayoambia figo zibane, na ndani ya saa moja au mbili uko chooni unayatoa mengi ya hayo maji. Halafu saa mbili asubuhi una kiu kama jana. Pole pole na pamoja na chakula ndiyo njia.

Saa gani ndiyo nzuri ya mazoezi?

Mwendo mwepesi weka nusu saa au dakika 45 za mwisho kabla ya magharibi, si kwa sababu mwili uko vizuri saa hiyo, uko vibaya kuliko saa zote, ila maji yako karibu. Mazoezi mazito, zile mbio za kasi za vipande vipande, peleka usiku kama dakika 90 au masaa mawili baada ya kufuturu kidogo, kabla hujala kile chakula kikubwa. Najua Nairobi usiku si kila barabara inakimbilika, wengi wetu tunafanya kwenye mashine ya jimu au kuzunguka ndani ya esteti yenye taa na geti.

Asubuhi baada ya daku watu wanaipenda kwa sababu wanajisikia wana nguvu, na kweli wanazo, lakini jasho la saa kumi na mbili asubuhi utalilipia masaa 12 yanayofuata. Mimi siipendi. Kama ratiba ya kazi haikuachii saa nyingine basi tembea kwa haraka tu.

Na vyuma? Nguvu zinaisha?

Nguvu za muda mfupi zinashikilia vizuri kuliko pumzi. Akiba ya sukari iko sehemu mbili, ini na misuli. Ya ini inapungua sana kufikia jioni kwa sababu ndiyo inayolisha ubongo mchana, lakini misuli haigawi yake kwa mtu, ukiwa umekaa inabaki pale pale. Kwa hivyo kunyanyua chuma chako cha kawaida mara tano utaweza hata saa kumi jioni. Kinachoanguka ni seti ya nne na ya tano, na mbio za kasi ukizirudia rudia. Punguza idadi ya seti uache uzito. Hata kwa wakimbiaji ni hivyo, punguza wingi wa kilomita kwa nusu lakini usiache kabisa zile siku mbili za kasi za usiku, pumzi haitapotea kwa mwezi mmoja.

Kichwa kinaniuma siku tatu za kwanza, ni maji?

Inaweza kuwa maji, lakini kwa wenzangu wa vikombe vinne vya chai na kahawa kila siku mara nyingi ni kukosa kafeini, inaanza kuuma kati ya masaa 12 na 24 baada ya kikombe cha mwisho. Anza kupunguza kikombe kimoja kimoja wiki ya mwisho ya Shaabani. Na chai ya daku haikukaushi kama watu wanavyosema, kwa aliyeizoea maji yake mengi yanabaki.

Nani asitumie hii njia ya dari, na nifungue lini?

Wanaotumia dawa za presha za aina ya atenolol au propranolol, dawa hizo zinazuia mapigo yasipande, kwa hivyo saa itasoma 110 huku mwili uko taabani. Hao watumie mdomo, kama huwezi kuongea sentensi nzima bila kukatika pumzi, punguza. Wanaomeza dawa za presha za kukojoza, wenye figo, wajawazito, na wenye sukari wanaotumia insulini au glibenclamide, hawa waongee na daktari kabla ya Ramadhani kuhusu kufunga kwenyewe, sembuse kukimbia. Mwenye sukari akipima akapata chini ya 3.9 au juu ya 16.6 mmol/L anafungua hapo hapo, hangoji adhana.

Kwa sisi wengine, mapigo yasiyoshuka hata baada ya kukaa kivulini dakika 10, kizunguzungu, baridi mwilini kukiwa na jua, kuchanganyikiwa maneno, maumivu ya kifua, unasimama na unakunywa. Maumivu ya kifua na kuzimia ni hospitali, si maji tu. Ruhusa ya mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine iko wazi kwenye Suratul Baqara aya ya 184 na 185, na bado kila mwaka kuna mtu mmoja kwenye kikundi anayetaka kubishana nami kuhusu hilo akiwa amekaa chini kando ya barabara macho yamegeuka.

Kujimwagia maji kichwani kunasaidia?

Ndiyo, na hakufunguzi. Ngozi ikipoa damu inarudi ndani na mapigo yanashuka kidogo. Kumbuka tu hakukurudishii tone la maji kwenye damu, kwa hivyo ukijisikia vizuri baada ya bomba usirudi barabarani kumalizia kilomita zilizobaki.

Baada ya Idd nirudi spidi yangu lini?

Maji yanarudi siku moja mbili, usingizi ndio unachelewa. Kimbia wiki ya kwanza kwa dari lile lile la mapigo uone spidi inavyopanda yenyewe. Jamaa wa South C siku ya nne ya Shawwal alikuwa tena kwa 6:00 na mapigo 139.